Mwaka wa kawaida si mwaka wa wastani

Juzi nimeisikia tena kwenye kikao cha usanifu: "Tumetumia hali ya hewa ya wastani ya Dar." Jengo ni la ofisi, ghorofa nne, bado liko kwenye michoro, na aliyesema ni mhandisi mzuri tu. Faili la hali ya hewa alilotumia kwenye uigaji lilikuwa sahihi. Kasoro ilikuwa kwenye neno, ila neno hilo likamponza mahali pengine.

Kwa kifupi, uigaji wa nishati katika hatua ya usanifu ni kulisimamisha jengo ndani ya kompyuta kabla halijachimbiwa msingi, kisha kulipitisha katika saa 8,760 za mwaka na kuhesabu, saa baada ya saa, joto linaloingia na umeme wa kuliondoa. Yapo mambo matatu ambayo mchoro hausemi na lazima uyajaze mwenyewe: huko nje hali ikoje, watu wapo saa ngapi, na humo ndani kuna nini kinachotoa joto.

Tuanze na la nje. "Kawaida" tumelipata kwenye Kiarabu, kwenye neno la kanuni na misingi. "Wastani" kwenye neno la katikati. Jambo la kawaida ni lile ambalo ukikutana nalo hushangai. La wastani huenda halijapata kutokea, kama ile familia yenye watoto watatu na nusu. Sasa, faili za hali ya hewa za `TMY`, yaani Typical Meteorological Year, ni mwaka wa kawaida. Njia ya kuzitengeneza ilitoka maabara ya Sandia, Marekani, mwaka 1978. Unakusanya kumbukumbu za miaka mingi za kituo kimoja, unaziweka Januari zote pamoja, unachagua Januari moja ambayo mwenendo wake wa joto, unyevu, upepo na jua unakaribia zaidi ule wa Januari zote. Kisha Februari, hivyo hivyo mpaka Desemba. Unapata miezi 12 iliyotokea kweli, hata kama kila mmoja umetoka mwaka wake, na kwenye maungio zinalainishwa saa chache tu.

Fungua faili lenyewe la hali ya hewa, lile la `.epw`, kama maandishi, ruka mistari 8 ya kichwa, utazame namba ya kwanza ya kila mstari. Ni mwaka. Mwisho wa Januari utakuta kitu cha namna hii:

```
2011,1,31,24,0,...
2004,2,1,1,0,...
```

Wapo wanaodhani faili limeharibika. Halijaharibika, ndivyo lilivyoshonwa.

Kwa nini wasingepiga wastani tu? Chukua saa nane mchana, siku moja ya masika. Mwaka huu jua limewaka, wati 900 kwa mita ya mraba. Mwaka jana tarehe hiyo wingu zito, wati 200. Wastani ni 550. Fanya hivyo kwa kila saa na Dar inageuka mji wa mawingu mepesi mwaka mzima, usio na jua la utosi wala mvua ya kutwa. Kiyoyozi chako hakitakutana na mchana hata mmoja wa kweli. (Hata hivyo, mwaka wa kawaida unaiacha kwa makusudi miezi iliyopita kiasi. Ukubwa wa mashine pimia siku ya usanifu, ile iliyo kwenye mstari wa `DESIGN CONDITIONS` wa kichwa cha faili: joto linalopitwa kwa asilimia 0.4 tu ya saa za mwaka, yaani kama saa 35.)

Mhandisi wetu, kwa kuwa aliamini nje ni wastani, na ndani akaweka wastani. Ukumbi wake una mita za mraba 200 na watu 20. Kila mtu aliyekaa hutoa kama wati 75 za joto la kuhisiwa, jumla 1,500, taa 1,600, kompyuta na vifaa vingine 2,000. Hizo ni wati 5,100, kwa saa tisa za kazi. Yeye akazitandaza kwenye saa 24, zikawa kama 1,900 usiku na mchana. Jumla ya siku haikubadilika, karibu kilowati-saa 46, kwa hiyo jedwali la mwezi halikumshtua. Lakini saa tisa alasiri ukumbi wake una wati 3,200 ambazo programu haizijui.

Akarekebisha, akaandika ratiba "saa 2 hadi 11". Programu ikawasha taa usiku wa manane na kufunga ofisi kabla ya chakula cha mchana. Ni 08:00 hadi 17:00, ndugu yangu. Grafu ya siku moja ya kazi ingekuonyesha.

Ripoti yenyewe usiifute. Faili la hali ya hewa liache lilivyo, ratiba irudishe kwenye saa zake, na pale ulipoandika "ya wastani", andika "ya mwaka wa kawaida".