Jenereta ya wimbi la msumeno: mnyoofu hadi wapi, na masafa yanatoka wapi?

Saketi yenyewe ni fupi. Chanzo cha mkondo usiobadilika huchaji kapasita, volteji hupanda, na ikigusa kizingiti, kilinganishi huwasha transista inayomwaga chaji. Kisha mambo huanza upya. Tuchukue mkondo wa mikroampea 100, kapasita ya nanofaradi 10 na kizingiti cha volti 5. Volteji hupanda volti 10 kila milisekunde, hivyo hufika kileleni baada ya nusu milisekunde.

Dhana: Resista moja inatosha kuchaji kapasita.
Ukweli: Resista ikichaji kutoka volti 12, mwanzoni ina volti 12 kati ya ncha zake, lakini kapasita ikifika 5 zimebaki 7 tu. Kasi ya kupanda imeshuka hadi asilimia 58 hivi. Huo ni mkunjo, si mstari.

Dhana: Ukishaweka chanzo cha mkondo, mstari utanyooka wenyewe.
Ukweli: Chanzo hicho kwa kawaida ni transista, nayo inahitaji nafasi ya volteji ili ifanye kazi. Ukiilisha volti 5 na kutaka wimbi lifike 5, itabanwa kabla ya kilele na mstari utalala. Pengine hautafika kizingiti kamwe. Ipe volti 12 na shida hiyo inakwisha.

Mzigo nao huiba mkondo. Hapa wengi hujidanganya na kifaa chao cha kupimia: proba ya osiloskopu yenye megaomu 1, kwenye volti 5, hunyonya mikroampea 5. Kati ya 100 hizo ni asilimia 5, na mkunjo unaouona umeuleta wewe. Badili uweke proba ya megaomu 10, na mkunjo ukipungua sana, umempata mwizi. Katika matumizi halisi, weka bafa baada ya kapasita.

Dhana: Masafa ni `f = I / (C × V)`, basi.
Ukweli: Kwa mfano wetu fomula hutoa hezi 2,000, na inakaribia sana. Sasa pandisha mkondo hadi miliampea 10. Fomula inasema kilohezi 200, yaani mikrosekunde 5 kwa kila mzunguko. Kilinganishi kikichelewa nusu mikrosekunde, wimbi litapita kizingiti na kufika volti 5.5, na kumwaga chaji kukichukua nusu nyingine, mzunguko unakuwa mikrosekunde 6. Masafa yanashuka hadi kilohezi 167 hivi. Kilele kilichozidi ndicho dalili ya kutafuta.

Kuna kosa jingine: kilinganishi chenye kizingiti kimoja huzima transista mara tu volteji inaposhuka chini ya 5, kwa hiyo unapata vijino vidogo vya haraka karibu na kilele. Kipe kizingiti cha pili karibu na sifuri, au kishikilie transista ikiwa imewashwa hadi kapasita iishe chaji.