Lenzi iliyohama kwa mtoto mrefu mwembamba: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Haoni mbali tu, abadilishiwe miwani."

Kauli hii ndiyo inayopoteza muda mwingi kuliko zote. Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 6 anayewapita wenzake darasani kwa kichwa kizima. Vidole vyake ni virefu na vyembamba, kifua kimebonyea kidogo katikati, na nyumbani wanasema amefuata kimo cha babu yake. Mwanzoni mwa mwaka aliandikiwa miwani ya namba -6. Kabla mwaka haujaisha namba imefika -9, na bado kwa jicho la kulia haoni zaidi ya herufi za juu ubaoni. Anainamisha kichwa upande mmoja anaposoma. Akiulizwa, anasema jicho hilo linaona vitu viwili viwili, hata likifunikwa la pili.

Hapo mpima macho mzoefu huacha kuongeza namba. Jicho moja, likiwa peke yake, likiona vitu viwili, hitilafu iko ndani ya jicho lenyewe. Miwani inayobadilika haraka, tena bila kuleta uoni kamili, nayo inataka maelezo.

Maelezo yenyewe mara nyingi ni haya. Lenzi ya jicho hukaa nyuma ya mboni, imeshikwa pande zote na nyuzi nyembamba sana, kama kitovu cha gurudumu la baiskeli kinavyoshikwa na spoki. Nyuzi hizo zimejengwa kwa protini iitwayo fibrilini, na kwa mtoto mwenye Marfan, ugonjwa wa kurithi ambao mara nyingi humfanya mtu awe mrefu na mwembamba, jeni inayotengeneza protini hiyo, FBN1, ina kasoro. Nyuzi zinalegea na kunyooka kupita kiasi, na lenzi inavutwa kuelekea upande ambao bado una nguvu, kwa kawaida juu na nje. Zaidi ya nusu ya wenye Marfan hupata hali hii, na karibu kila mara ni macho yote mawili. Ikihama vya kutosha, ukingo wake unakatiza katikati ya mboni. Mwanga unaopita ndani ya lenzi unampa mtoto taswira moja, na unaopita kwenye uwazi uliobaki unampa nyingine. Ndiyo maana anaona viwili.

"Alishapimwa, macho yake ni mazima."

Alipimwaje? Kusoma herufi ukutani hakuonyeshi ukingo wa lenzi. Mboni ikiwa ndogo, lenzi iliyohama kidogo inajificha nyuma ya ile sehemu ya jicho yenye rangi. Kipimo kinachohesabika ni cha matone ya kupanua mboni, kusubiri kama nusu saa, kisha kuangalia kwa taa yenye darubini. Kwa yule msichana daktari aliona mstari uliopinda ukivuka mboni, na chini yake nyuzi zilizonyooka zikiwa bado zimeshikilia. Hata kabla ya matone kulikuwa na dalili: alipogeuza jicho haraka, sehemu ile yenye rangi ilitikisika, kwa kuwa nyuma yake hakukuwa na lenzi ya kuiegemea.

Na kukutwa salama akiwa na miaka 3 si cheti cha maisha. Lenzi inaweza kuhama polepole kadiri mtoto anavyokua. Mtoto mwenye Marfan, au anayeshukiwa kuwa nao, apimwe macho kila mwaka, mboni ikiwa imepanuliwa. Daktari ataangalia pia presha ya jicho na retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, maana macho haya yako katika hatari kubwa zaidi ya retina kubanduka. Akianza kuona vimulimuli, madoa meusi mengi ya ghafla au kitu kama pazia, asingoje tarehe ya kliniki.

"Hajalalamika, basi haina shida."

Mtoto hajui wengine wanaonaje. Lenzi inahama bila maumivu. Kinachofanya hatari iwe kubwa utotoni ni ubongo: ukipokea taswira yenye ukungu kutoka jicho moja kwa muda mrefu, unaacha kulisikiliza, na jicho linakuwa vivu. Hali hiyo hurekebishika vizuri zaidi katika miaka ya mwanzo ya shule. Baadaye hata upasuaji mzuri haurudishi uoni wote. Kwa hiyo mtoto aliye kwenye matibabu ya jicho vivu huonwa kila baada ya miezi michache, si mara moja kwa mwaka.

"Lazima afanyiwe upasuaji."

Si lazima. Kwanza hutafutwa miwani inayofaa, na hapa ndipo ustadi unapoonekana. Kama lenzi imeacha uwazi mkubwa, mtoto anaweza kuona vizuri zaidi akitazama kupitia uwazi huo, kwa miwani mizito ya +10 au zaidi, badala ya kuhangaika na -9. Jicho bora linaweza kufunikwa saa chache kwa siku ili lile vivu lifanye kazi. Upasuaji wa kuitoa lenzi hufikiriwa pale miwani inaposhindwa, ukingo unapokata katikati ya mboni, au lenzi inapotishia kuangukia mbele. Baada ya hapo mtoto atavaa miwani mizito au lenzi za kuvaa jichoni, na baadhi huwekewa lenzi bandia inayoshonewa mahali pake. Ufuatiliaji hauishi, kwa sababu hatari ya retina na ya presha ya jicho inabaki.

Ila lenzi ikipenya mboni ikaja mbele, jicho likawa jekundu na kuuma, mtoto akatapika, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

"Mrefu, mwembamba, lenzi imehama: basi ni Marfan."

Mara nyingi ndiyo, lakini kuna ugonjwa mwingine wa kurithi unaofanana nao sana, homosistinuria. Huko lenzi huelekea zaidi kuanguka chini na ndani, wazazi wote wawili kwa kawaida ni wazima, na baadhi ya watoto huchelewa kujifunza. Mwelekeo wa lenzi pekee hautoshi kuamua. Kipimo cha damu cha homosisteini ndicho kinachotenganisha, na lazima kifanywe kabla ya nusukaputi, kwa sababu mwenye homosistinuria damu yake huganda kirahisi wakati wa upasuaji. Tena ugonjwa huu una tiba yake: vitamini B6 kwa wale ambao miili yao inaitikia, na mpangilio maalumu wa chakula.

"Ni tatizo la macho, moyo unahusika vipi?"

Fibrilini ileile iko kwenye ukuta wa aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni. Ukuta ukilegea, mshipa hutanuka kimyakimya na siku moja unaweza kuchanika. Kwa vigezo vya mwaka 2010 vinavyotumiwa na madaktari, lenzi iliyohama pamoja na aota iliyotanuka vinatosha kuuita ugonjwa kwa jina lake. Mtoto akikutwa na lenzi iliyohama, apelekwe kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, hata kama anakimbia na kucheza bila kuchoka. Hurudiwa baada ya miezi 6 kuona kasi ya kutanuka, kisha kila mwaka kama hali ni tulivu. Dawa kama atenololi au losatani hupunguza kasi hiyo. Ndondi, mieleka na kupiga mpira kwa kichwa viachwe, kwa ajili ya macho na ya moyo pia.

Wazazi na ndugu nao wapimwe macho na moyo. Mzazi mwenye Marfan humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu; lakini takriban robo ya wagonjwa ni wa kwanza katika familia zao, kwa hiyo "kwetu hakuna" haiondoi shaka. Yule babu mrefu, kama yupo hai, aende naye.