Sevu, launcha na wingu: kwa nini gemu uliyoifuta inarudi na mambo yake ya zamani

Mtu anataka kuanza Stardew Valley upya kabisa. Anaiondoa gemu, anaiondoa na Steam yenyewe, anawasha kompyuta upya, kisha anasakinisha vyote kuanzia mwanzo. Akibonyeza Load, shamba lake la zamani liko palepale, kuku wote hai. Mwingine kaformati kompyuta akitegemea shamba limsubiri, akakuta orodha tupu. Wote wawili wamechanganya vitu vitatu vinavyokaa sehemu tofauti na kufutwa kwa njia tofauti.

Cha kwanza ni gemu yenyewe, yaani picha, sauti na programu inayoiendesha. Hiyo ndiyo mizigo mizito inayokula bando, na ndiyo isiyo na thamani yoyote ya pekee kwako, maana ukiipoteza unaipakua tena. Cha pili ni launcha, programu inayokuuzia gemu, kuipakua na kuizindua. Kwa mfano wetu ni Steam. Cha tatu ni sevu, mafaili madogo yanayoandika ulikofika: siku ya ngapi, pesa kiasi gani, nani umemwoa. Stardew Valley inaomba nafasi ya MB 500 kwenye diski, lakini shamba lako zima, hata la miaka mingi ya gemu, ni sehemu ndogo sana ya hapo. Kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kisichopatikana kwingine.

Kwenye Windows, Steam ikiachwa mahali pake pa kawaida, gemu inakaa hapa:

```
C:\Program Files (x86)\Steam\steamapps\common\Stardew Valley
```

Sevu zake ziko kwingine kabisa:

```
%AppData%\StardewValley\Saves
```

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, bandika mstari huo wa pili, kisha Enter. Utaona folda moja kwa kila shamba, yenye jina, mstari wa chini na namba ndefu. Ndani yake kuna faili lenye jina lilelile la folda, na jingine linaloitwa SaveGameInfo. Mara nyingi utakuta pia nakala za hayo mawili zilizoishia na `_old`. Hizo ni za usiku uliotangulia, kwa sababu gemu hii huhifadhi mhusika anapolala. Zimeokoa mashamba mengi yaliyoharibika, kwa hiyo usizifagie ukidhani ni uchafu.

Sasa ukienda Library ndani ya Steam, ukabonyeza kulia jina la gemu, ukachagua Manage na kisha Uninstall, Steam inaondoa mafaili iliyoyaleta yenyewe. Folda ya Saves haiguswi. Hata modi, yaani nyongeza za wachezaji, ulizotia kwa mkono ndani ya folda ya gemu huwa zinabaki, kwa kuwa Steam haizitambui kama zake. Ndiyo maana mtu "anayesafisha" gemu iliyoharibiwa na modi anaisakinisha upya na kukuta tatizo lilelile: modi hazikuondoka. Afute kwa mkono folda iliyobaki ya gemu, ndipo asakinishe.

Kuondoa Steam yenyewe ni jambo zito zaidi. Ukiiondoa kupitia orodha ya programu za Windows, inaondoka pamoja na gemu zote zilizo ndani ya folda yake. Mwenye kutaka kunusuru gemu zake bando lisiungue mara ya pili ahamishe kwanza folda ya `steamapps` nje ya folda ya Steam, kisha airudishe baadaye. Kuna pia folda ya `userdata`, na hii ndiyo inayoumiza watu kimyakimya: baadhi ya gemu huweka sevu zao humo, si kwenye AppData. Kwa gemu za namna hiyo, kuifuta folda ya Steam ni kufuta na sevu zilizo kwenye kompyuta. Nakili `userdata` kwenye flashi kabla ya kugusa chochote. Inachukua dakika chache.

Na bado "kuondoa kabisa" hakujakamilika. Kama ulikuwa na gemu kwenye diski ya pili, folda ya SteamLibrary ya huko itabaki. Folda ya `%LocalAppData%\Steam` nayo hubaki na takataka za kivinjari cha ndani cha Steam. Mipangilio mingine iko kwenye rejista ya Windows, chini ya `HKEY_CURRENT_USER\Software\Valve\Steam`. Kwa anayeuza laptopu, jambo la msingi kwangu si rejista bali ni kutoka kwenye akaunti ndani ya Steam kwanza, kisha kuiondoa programu na kufuta folda ya Steam ikiwa imebaki. Rejista ni ya mtu ambaye Steam yake imegoma kufunguka na anataka kuanza upya.

Turudi kwa yule ambaye shamba lake lilifufuka. Folda yake ya Saves haikuguswa, na hata angeifuta kwa mkono, hapo ndipo wingu linapoingia. Steam Cloud ni nakala ya sevu inayokaa kwenye seva za Steam, imefungwa kwenye akaunti yako, si kwenye kompyuta. Unapobonyeza Play, kabla gemu haijafunguka, Steam inalinganisha kilichoko kwako na kilichoko kwenye seva. Ukifunga gemu, inalinganisha tena na kupandisha yaliyobadilika. Ili ijue nini kimebadilika, inaweka kumbukumbu kwenye faili dogo liitwalo `remotecache.vdf` ndani ya `userdata`, kama mangi anavyoandika kwenye daftari nani kachukua nini na lini.

Ukiisha kufuta Steam nzima pamoja na folda ya Saves, daftari hilo nalo limekwenda. Ukiingia tena na akaunti yako na kubonyeza Play, Steam inaona kompyuta haina kitu na seva ina shamba. Haina namna ya kujua kwamba utupu huo umeutengeneza kwa makusudi. Inaushusha mzigo wote, na wewe unakuta kuku wako. Kwa mtu aliyeibiwa laptopu, hiyo ndiyo kazi hasa inayotakiwa.

Wengi hapo hukimbilia kuzima wingu: kubonyeza kulia gemu, Properties, General, na kuondoa alama kwenye kipengele cha Steam Cloud. Kuzima kunasimamisha usafiri tu. Nakala ya kwenye seva inabaki kama ilivyo, na siku utakapowasha tena inakusubiri, safari hii ikiwa na ugomvi na shamba jipya uliloanzisha.

Njia iliyonyooka ya kufuta kweli ni kufuta kupitia gemu yenyewe huku wingu likiwa limewashwa. Fungua Stardew Valley, bonyeza Load, na pembeni ya kila shamba kuna kipipa cha taka. Kibonyeze, thibitisha, kisha toka kwenye gemu kwa utaratibu wake. Gemu inapofungwa, Steam inaona faili lililokuwepo halipo, na kwa kuwa limetoweka wakati gemu ikiwa inaendeshwa, inalihesabu kuwa umelifuta wewe na kuliondoa kwenye seva pia. Kwa gemu isiyo na kitufe cha kufuta, wachezaji hufanya jambo hilohilo kwa mlango wa nyuma: wanaifungua gemu mpaka kwenye menyu ya mwanzo, wanapunguza dirisha, wanafuta folda ya sevu kwa mkono, kisha wanafunga gemu. Ukiifuta folda hiyo gemu ikiwa imefungwa, tarajia irudi.

Unataka kuhakikisha? Ingia kwenye akaunti yako kwa kivinjari na ufungue ukurasa huu:

```
https://store.steampowered.com/account/remotestorage
```

Unaorodhesha gemu zako zenye vitu kwenye wingu, na ukiingia ndani ya gemu moja unaona kila faili, ukubwa wake na tarehe lilipoandikwa. Unaweza kupakua faili moja moja kutoka hapo, ila huwezi kufuta. Kama shamba halipo kwenye orodha hiyo na halipo kwenye Saves, limeondoka.

Yule wa pili, aliyekuta orodha tupu, kisa chake mara nyingi ni umeme. Kupandisha kwenye wingu hufanyika gemu inapofungwa, si kila mhusika anapolala. Umecheza jioni nzima, TANESCO wamekata, kompyuta ikazimika. Sevu ya jioni hiyo iko kwenye diski yako, lakini seva bado ina ya jana, au haina kitu kama shamba umelianza jioni hiyo. Ukiiwasha kompyuta na kuipa Steam nafasi ya kulinganisha na seva, hakuna kilichopotea. Ila ukiwasha na moja kwa moja ukaformati kwa sababu "kila kitu kiko kwenye wingu", jioni hiyo umeizika. Ndiyo maana kabla ya kuondoa chochote, fungua ukurasa wa gemu kwenye Library na usome sehemu ya CLOUD STATUS. Ikisema Up to date, endelea. Ikisema vingine, ngoja.

Linabaki dirisha ambalo watu hulibonyeza bila kusoma. Umesakinisha upya intaneti ikiwa mbovu, ukaanza kucheza nje ya mtandao, kisha mtandao umerudi. Sasa kompyuta ina sevu na seva ina sevu nyingine, na Steam haiwezi kuamua, kwa hiyo inakuuliza uchague ya kwenye kompyuta au ya kwenye wingu. Haichanganyi hizo mbili. Utakayoichagua inaifunika nyingine. Mtego uko kwenye tarehe. Sevu yenye tarehe mpya ni ile ya dakika kumi uliyoanza leo, na yenye tarehe ya zamani ndiyo yenye miezi yako yote. Ukiona dirisha hilo, ghairi kwanza. Nakili folda ya Saves kwenye deski, pakua mafaili ya wingu kupitia ule ukurasa, ndipo urudi kuchagua. Hata ukikosea, pande zote mbili unazo mkononi.

Wingu hili pia lina mipaka ya nyumba yake. Stardew Valley ya simu haisomi sevu za Steam. Ile iliyonunuliwa GOG, duka jingine la gemu, kwenye kompyuta inatumia folda ileile ya Saves, kwa hiyo utaona mashamba yako, lakini wingu la GOG na la Steam hayajuani. Na si kila gemu iliyo Steam ina wingu. Ni mtengenezaji anayeamua. Tafuta maneno Steam Cloud kwenye orodha ya vipengele katika ukurasa wa gemu dukani. Yasipokuwepo, folda iliyo kwenye diski yako ndiyo nakala pekee duniani, na kuihifadhi ni juu ya flashi yako.