Aliomba kwa Mdomo, Risiti Hakuna: Rushwa Inavyothibitishwa Mahakamani

Wananchi wengi wanaoombwa rushwa hawaendi kuripoti kwa sababu wanajiambia: "Sina ushahidi. Aliniambia kwa mdomo tu, na pesa yenyewe sijampa." Kisheria, hakuna hata moja kati ya hayo linaloua shauri.

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania, Na. 11 ya mwaka 2007, kinamgusa anayeomba, anayepokea na hata anayejaribu kupata. Kinamgusa pia anayetoa au kuahidi. Kwa hiyo afisa akishaomba, kosa limekamilika hata kama hakupata senti. Na si lazima iwe pesa, wala si lazima mwombaji awe mtumishi wa serikali. Mwajiriwa wa kampuni binafsi naye yumo.

Ugumu uko kwenye nia. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe, bila kuacha shaka ya maana, kwamba kilichoombwa kilikuwa kishawishi au zawadi ili mtumishi afanye, au asifanye, jambo linalohusu kazi ya mwajiri wake. Pesa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, peke yake, haisemi hivyo.

Tuseme mfanyabiashara ameomba kibali cha ujenzi halmashauri. Ada halali ameshalipa kwa namba ya malipo. Wiki zinapita, kisha afisa anamwambia faili halitasogea mpaka atoe 300,000, atume kwenye simu ya mdogo wake. Akituma, na kesho yake kibali kikatoka, afisa akishtakiwa utetezi wake unajulikana: ilikuwa mkopo, au mdogo wangu alimuuzia mabati. Ujumbe wa muamala unaonyesha kiasi, saa na jina la mpokeaji. Hauonyeshi pesa ilikuwa ya nini.

Hapo ndipo wengi hukosea kwa kutafuta karatasi ya rushwa, ambayo haipo. Karatasi zinazosaidia ni zile za huduma yenyewe: nakala ya maombi yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa, risiti ya ada, na kumbukumbu ya faili inayoonyesha lilikaa kwa nani na kwa muda gani. Faili likionekana limelala mezani kwa afisa yuleyule kwa wiki tano bila dosari yoyote kuandikwa, kisha likasainiwa siku moja baada ya muamala, hadithi ya mkopo inakuwa ngumu kuaminika. Orodha ya simu zilizopigwa kati ya afisa, mdogo wake na mfanyabiashara huongeza uzito. Kila kimoja kikisimama peke yake ni dhaifu, lakini vikifuatana kwa tarehe vinaeleza jambo moja.

Ndiyo maana ni heri kuripoti kabla ya kutoa. Ukiripoti TAKUKURU mapema, kwa simu 113 bila malipo au kwenye ofisi yao, maelezo yako yanaandikwa wakati ombi bado ni bichi, na mtego unaweza kuandaliwa. Namba za noti huorodheshwa kwenye fomu, mlalamikaji anatia saini, kisha noti zinazokutwa kwa mtuhumiwa hulinganishwa na orodha ile. Ukishatoa kwanza, wewe mwenyewe unaweza kuonekana mshiriki wa kosa, na mahakama itaupima ushahidi wako kwa tahadhari zaidi.

Hata hivyo mtego nao huvunjika. Namba moja ya noti ikikosewa kwenye fomu, wakili wa utetezi ataing'ang'ania. Noti zikikutwa kwenye droo inayotumiwa na maafisa watatu, swali ni nani aliyezipokea. Na ikiwa hakuna dalili yoyote ya ombi kabla ya siku ya mtego, mshtakiwa atasema alisukumiwa pesa asizoziomba. Ombi la awali ndilo roho ya kesi, kwa hiyo jioni ileile uliyoombwa, andika maneno yake kama alivyoyasema, saa, mahali, aliyekuwepo na namba ya simu aliyotumia. Usiyapambe. "Faili halisogei hivihivi, nitoe na mimi" yana nguvu mahakamani kuliko sentensi yako ya kwamba "aliniomba rushwa."

Sheria ya ushahidi haidai idadi maalumu ya mashahidi. Shahidi mmoja anayeaminika anaweza kutosha, na kuaminika kwake hupimwa kwa jinsi maelezo yake ya kwanza yanavyolingana na anayoyasema kizimbani, pengine muda mrefu baadaye. Kinachoangusha mashauri mengine ni shahidi huyo kuchoka, kuogopa au kuelewana na mshtakiwa pembeni.

Yapo mashauri ambayo, hata kwa juhudi zote, hayafiki kiwango cha jinai. Kwa hayo malalamiko yaende kwa mwajiri wa mtumishi, maana kwenye shauri la nidhamu kiwango cha uthibitisho ni cha chini zaidi, na faili lililokaliwa wiki tano bila sababu ni kosa la kikazi hata kama ombi la pesa halikuthibitika.