Tingatinga na Impresioni kwenye prompti moja: dhana potofu na ukweli

Tuchukue bango la majahazi yaliyopwelewa ufukweni Bagamoyo, lichorwe na akili mnemba kwa mitindo hiyo miwili ya uchoraji, kwa kufuata prompti, yaani maelezo tunayoiandikia.

Dhana: Ukitaja majina ya mitindo yote miwili, programu itajua kuiunganisha.

Ukweli: Haiunganishi, inasaka wastani. Tingatinga, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1968, hutumia rangi bapa inayong'aa, mistari ya ukingo iliyo wazi na madoa yanayojirudia. Impresioni, iliyofanya maonyesho yake ya kwanza Paris mwaka 1874, huvunja ukingo kwa miguso mifupi ya brashi ili mwanga uonekane. Mitindo yote miwili inagombea kitu kimoja, yaani ukingo. Mmoja unautaka mkali, mwingine unautaka ulegee. Tazama pembe ya tanga: ukiona mstari mweusi unaanza vizuri kisha unafifia na kuwa ukungu wa kijivu, ujue hakuna aliyeshinda.

Dawa ni kugawa kazi. Tingatinga ipewe umbo na mstari, Impresioni ipewe mwanga wa anga na maji tu. Tena taja sifa zenyewe, maana jina la Tingatinga peke yake mara nyingi huleta twiga na tembo ambao hukuwaomba:

```
dhows on a beach, flat glossy shapes,
thick dark outlines, dotted patterns,
(Tingatinga painting:1.3),
sky and sea in short broken brushstrokes,
sunset light, Impressionism
```

Prompti tumeiandika kwa Kiingereza kwa sababu sehemu kubwa ya maelezo ya picha zilizofundishia programu hizi ni ya lugha hiyo.

Dhana: Uzito sawa ndio haki.

Ukweli: Uzito sawa hurudisha ugomvi uleule. Namba 1.3 hapo juu ndiyo uzito, yaani nguvu ya maneno yaliyo kwenye mabano; inasomwa na programu ya kuchora ya Stable Diffusion WebUI, na inaamua nani mwenye nyumba na nani mgeni. Usikimbilie 1.6, kwani rangi huanza kuungua na maumbo kupinda. Kumbuka pia kwamba uzito hauweki mpaka wa eneo. Miguso ya brashi inaweza kupanda hadi kwenye mbao za jahazi hata kama umeandika anga na bahari.

Ikitokea hivyo, acha kuongeza maneno. Tengeneza kwanza picha nzima kwa Tingatinga peke yake. Kisha tumia zana ya kupaka upya sehemu: funika anga na maji, andika prompti ya Impresioni tu, na uweke `Denoising strength`, yaani kiasi cha kubadilisha sehemu hiyo, kati ya 0.5 na 0.6. Chini ya hapo anga itabaki bapa. Ukipanda sana, jahazi jipya huweza kuzuka katikati ya maji.

Dhana: Picha ikiharibika, andika prompti upya yote.

Ukweli: Hutajua kilichoponya. Shikilia `Seed` ileile, yaani namba ambayo programu huanzia kuchora, badilisha neno moja au namba moja, kisha linganisha pembe ileile ya tanga.