Ukitaja waliolipa, umeshawataja wasiolipa

Juzi tena. Mwakilishi mwenzangu wa darasa la jirani kanitumia rasimu ya ujumbe wa ada niipitie kabla hajaiweka kwenye kundi la wazazi. Chini kabisa kaorodhesha majina, na juu yake kaandika: "Tunawashukuru wazazi wafuatao kwa kukamilisha malipo." Nikamwambia aiondoe. Akanijibu, "Lakini dada, mimi sijamwaibisha mtu. Nimeandika waliolipa tu."

Mwaka wa sita huu niko katika kazi hii isiyo na mshahara, na kila muhula lazima nilisikie neno hilo.

Darasa lake lina watoto 34. Kaandika majina 27. Hesabu iliyobaki wazazi wataimaliza kabla chai haijapoa, na hawatakosea: watoto saba, kila mmoja na mama yake, kila mama na jirani yake aliyemo kundini. Sisi wa Mombasa neno sitara tunalijua. Sasa huyu anayekataa kuanika saba akaanika 27, amemsitiri nani?

Halafu orodha yenyewe huwa haiaminiki, na hili nalisema kwa sababu mwenye kosa nilikuwa mimi. Mwaka wangu wa pili niliomba ofisini majina ya waliolipa, nikapewa, nikayaweka kundini na maua juu. Mama mmoja jina lake halikuwamo. Kumbe alilipa siku nne nyuma kwa paybill, ila pale kwenye sehemu ya akaunti aliandika jina la mtoto badala ya namba ya usajili. Pesa zilifika shuleni zikakaa kwenye malipo yasiyojulikana ya nani, mpaka mhasibu alipopitia taarifa ya benki mstari kwa mstari. Yule mama hakunigombeza. Alinitumia ujumbe wa M-Pesa bila neno hata moja. Mpaka leo tukikutana langoni mimi ndiye ninayeanza salamu.

Tangu siku ile siombi orodha, na nikipewa siipokei. Mwakilishi ni tarishi wa tarehe. Mdai ni ofisi. Ukiwa na orodha mkononi utaitumia tu, hata kwa jicho.

Kuna orodha nyingine ambayo hakuna aliyeiandika. Mzazi mmoja analipa, anaweka kundini picha ya ujumbe wa M-Pesa: "Tayari, mwalimu." Wa pili anaona, naye anaweka. Kufika jioni zimepangana kumi na mbili, na kimya cha waliobaki kinasomeka vizuri kuliko maandishi. Tena ule ujumbe una salio chini yake. Nimeshaona mzazi akiwaonyesha watu 60 kwamba baada ya ada amebakiwa na shilingi 43. Dawa yake ni ndogo: kabla ya kutuma, ingia kwenye mipangilio ya kundi, uweke wasimamizi pekee ndio wanaoweza kutuma ujumbe, na uache hivyo mpaka tarehe ipite.

Sasa ujumbe wenyewe. Kabla sijaandika huenda kwa mhasibu na maswali mawili: siku ya pili baada ya tarehe kutatokea nini, na je, malipo kwa awamu yanakubaliwa? Asiponijibu la kwanza siandiki, kwa sababu mzazi atalijibu mwenyewe usiku akiwa kitandani, na jibu lake litakuwa baya kuliko la ofisi. Muhula huu aliniambia tarehe 15 ndiyo wanayofunga hesabu, na baada yake ofisi itampigia mzazi mmoja mmoja. Mtoto harudishwi nyumbani siku hiyo. Nikaandika hivi:

"Assalaam alaykum, na habari za jioni wazazi wa Gredi ya 5. Ofisi imenijulisha kwamba ada ya muhula wa pili inatakiwa ifike kabla ya Ijumaa jioni, tarehe 15 Mei. Baada ya hapo ofisi itawasiliana na kila mzazi kwa simu. Watoto wataendelea na masomo kama kawaida. Namba ya paybill ni ile iliyoko kwenye karatasi ya ada. Sehemu ya akaunti tuandike namba ya usajili ya mtoto, si jina. Malipo kwa awamu yanakubaliwa kwa mzazi yeyote atakayezungumza na mhasibu kabla ya tarehe hiyo, ofisini au kwa simu. Mimi sina taarifa za malipo ya mtoto yeyote. Aliyekwisha kulipa hana haja ya kujibu hapa. Ahsanteni."

Paybill siiandiki kwa makusudi. Ujumbe husambazwa, na namba ni rahisi kubadilishwa njiani.

Neno linaloniudhi kuliko yote ni "wale wanaotatizika". Watu huliandika kwa moyo mweupe: "Wale wanaotatizika wasione haya, wamwone mhasibu." Umeshawatenga wasimame kando, ndipo unawaambia wasione haya! Mzazi akienda ofisini baada ya ujumbe huo, kila hatua anayopiga inakiri kwamba yeye ni wa "wale". Andika "mzazi yeyote". Aliyepewa mshahara tarehe 28 atakwenda, mwenye duka aliyefungiwa pesa kwenye mzigo atakwenda, na asiye na kitu atakwenda katikati yao bila kutazamwa. "Wapendwa wazazi, hili ni kumbusho tu la upole" nalo silitaki, upole hautangazwi.

Na mwezi wenyewe. Muhula wa pili huanza wakati masika imeshika na kusi imeanza kuvuma, wavuvi wengi wadogo hawatoki kila siku, na hoteli za pwani ya kaskazini na kusini zimeingia msimu wa wageni wachache, ambapo wafanyakazi hupewa likizo bila malipo. Darasani kwetu wazazi wa namna hiyo si wawili. Tarehe siipangi mimi, ila niliwahi kumwomba mhasibu aisogeze kutoka 30 Aprili, akakubali, kwa sababu kusubiri wiki mbili ni nafuu kuliko kupiga simu arubaini.

Vitisho mimi siviandiki, hata ofisi ikiniomba. Kwa shule za umma Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza mtoto kuzuiliwa kusoma kwa sababu ya tozo ambazo hazijalipwa. Yetu ni ya binafsi, mambo yake ni ya mkataba kati ya shule na mzazi. Mimi simo katika mkataba huo.

Je, ujumbe wa namna hii unaleta pesa zaidi? Wallahi sijui. Kuna muhula nilitumia maneno haya haya na mhasibu akanitazama kwa jicho la kuniuliza. Sijui kama ilikuwa maneno au ilikuwa mvua. Pia nashuku wapo wanaoweza kulipa na hungoja kwa sababu wamejua hakuna atakayetajwa. Hao sijawapatia dawa.

Mwenzangu aliyafuta majina yote 27. Kisha akauliza, "Basi niweke tu kwamba darasa limefikia asilimia 79?" Nikamwambia achukue tena watoto 34, apige hesabu.