Laki Mbili Imetajwa Mara Tatu: Dhana Potofu Kuhusu Skrinshoti ya Taarifa ya Benki

Mfano wetu ni mfanyabiashara wa viazi aliyekwenda ATM ya Mwanjelwa, Mbeya, kutoa 200,000. Akaunti ilikuwa na 850,000. Mashine ilikwama, akajaribu tena, akapata pesa. Jioni akafungua programu ya benki, na skrinshoti yake inasomeka hivi:

```
VAT         613410204517      -180   648,820
ATM CHG     613410204517    -1,000   649,000
ATM WDL     613410204517  -200,000   650,000
REV ATM WDL 613410204488  +200,000   850,000
ATM WDL     613410204488  -200,000   650,000
```

Dhana: Kiasi kimoja kikionekana mara mbili, umekatwa mara mbili.

Ukweli uko kwenye safu ya mwisho, ile ya salio. Programu nyingi za simu huweka muamala mpya juu, kwa hiyo skrinshoti isomwe kuanzia chini kwenda juu. Mstari wa chini kabisa umeshusha salio kutoka 850,000 hadi 650,000: hilo ni jaribio lililokwama. Unaofuata, wenye REV, umelirudisha kwenye 850,000. Wa tatu ndio utoaji wenyewe. Jumla aliyokatwa ni 201,180, yaani pesa aliyoshika mkononi, ada ya 1,000, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu ya ada hiyo. Hapa ada ni ya mfano tu. Kila benki ina yake.

Ungeona wizi au kosa kama mstari wa REV usingekuwepo na salio lingeshuka hadi 450,000 kabla ya ada. Hapo pesa imetoka kweli mara mbili kwenye akaunti. Kwa hiyo usihesabu mistari. Chukua salio la mstari mmoja, ongeza au toa kiasi cha mstari ulio juu yake, uone kama unapata salio lililoandikwa hapo juu. Hesabu ikikataa katikati, mara nyingi skrinshoti imekatwa au mistari imerukwa wakati wa kusogeza skrini. Omba taarifa nzima ya PDF kabla ya kugombana na mtu yeyote.

Dhana: Namba ndefu ya kumbukumbu ni ya benki tu, mteja haimhusu.

Namba hii ndiyo inayokwambia mistari ipi ni ya muamala mmoja. Angalia tena mfano: utoaji, ada na kodi vina namba moja inayoishia 4517, kwa sababu ni vipande vya tukio lile lile. Jaribio lililokwama na marejesho yake vina namba nyingine, 4488. Kiasi sawa chenye namba sawa, kimoja kimetoka na kingine kimeingia, ni muamala uliofutwa. Kiasi sawa chenye namba tofauti, vyote vimetoka, ni miamala miwili.

Kwa miamala ya kadi, namba hiyo huitwa RRN na ina tarakimu 12. Mitambo mingi huijenga kwa mpangilio huu: tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka, tatu zinazofuata ni siku ya mwaka, mbili ni saa, na sita za mwisho ni namba ya mfululizo. Basi 6-134-10 ni mwaka 2026, siku ya 134, ambayo ni tarehe 14 Mei. Saa ni ya mtambo, usishangae ikipishana na ya Mbeya. Benki nyingine zina namba zao za ndani zisizofuata mpangilio huu, na hizo hazifasiriki kwa macho.

Dhana: Jina la mahali usipofika maana yake kadi imeibwa.

Si lazima. Ukilipa kwa kadi dukani Mafinga, taarifa inaweza kuonyesha jina la kampuni lililosajiliwa na mji wa makao makuu yake, tuseme Dar es Salaam. Linganisha kwanza kiasi na risiti ya mashine. Tarehe nayo inaweza kuchelewa, hasa ukilipa Ijumaa jioni na benki ikaingiza Jumatatu.

Dhana: Pesa iliyoandikwa PENDING imeshatoka.

Hapo imezuiwa tu: salio unaloweza kutumia limepungua, salio la kitabuni bado. Muamala ukikamilika, mstari wa PENDING huondoka na wa kudumu huingia. Skrinshoti ikipigwa katikati ya mabadiliko hayo, yote miwili inaweza kuonekana. Fungua upya kesho yake.

Ikibaki kweli kwamba salio limekatwa mara mbili, nenda tawini na tarehe, kiasi, mahali ATM ilipo na RRN ya muamala ule ambao hukupata pesa, si wa pili uliofanikiwa. Wakipewa namba isiyo yake, watakagua utoaji uliokwenda sawa na kukujibu kuwa pesa ulipewa. Benki hulinganisha kumbukumbu za mashine na fedha zilizobaki ndani yake. Ziada ya 200,000 itaonekana hapo. Dai jibu la maandishi na namba ya lalamiko. Benki isipokujibu, lalamiko hilo hilo na namba yake unaweza kulipeleka Benki Kuu, ambayo ina tawi Mbeya mjini.